Gredi 3 Siyo Hatua ya 3

Mgonjwa wa saratani ya titi hupewa namba mbili, na ile inayotangulia kumfikia mara nyingi siyo inayojibu swali lake. Yeye anauliza ugonjwa umefika wapi. Karatasi ya kwanza anayokabidhiwa, ya majibu ya kinyama, inaeleza jambo jingine kabisa: seli za ugonjwa zina sura gani na zinagawanyika kwa kasi gani. Hiyo ndiyo gredi. Umbali uliofikiwa na ugonjwa mwilini, yaani hatua, au steji kama wengi tunavyosema, hujulikana baadaye, baada ya vipimo vingine, kwenye karatasi nyingine, na pengine kwa kinywa cha daktari mwingine. Kati ya karatasi hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo familia huwa imeshajiamulia maana ya namba iliyo mkononi.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, ila namba zilizomo ni za kawaida sana katika maabara za patholojia. Mama wa miaka 46, muuza vitenge, amegusa uvimbe kwenye titi la kushoto, sehemu ya juu upande wa kwapa. Hospitalini anachomwa sindano nene ya kutoa kinyama, anaambiwa arudi majibu yakiwa tayari. Siku ya kurudi anakwenda na mwanawe aliye chuoni. Karatasi imeandikwa Kiingereza, kijana anasoma: saratani vamizi ya titi, gredi 3, jumla ya alama 8 kati ya 9. Foleni ni ndefu, daktari anawapa fomu za vipimo vinavyofuata na tarehe ya kuonana. Jioni hiyo ujumbe umeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mama yuko steji ya tatu. Shangazi anaomba watu wafunge na kusali. Mjomba anasema mtu akifika hapo kisu kinausambaza tu ugonjwa, heri atafutiwe mtaalamu wa miti shamba anayemfahamu yeye.

Kliniki inayofuata, daktari anamwinua mkono na kumpapasa kwapani.

“Daktari, unahangaika bure. Si tayari ni steji ya tatu?”

“Nani kakwambia, mama?”

“Imeandikwa kwenye karatasi.”

“Iliyoandikwa ni gredi. Steji yako hatujaipima bado.”

Kuelewa kwa nini daktari alijibu hivyo, inabidi kufuata kile kinyama kilikopita. Kilipotolewa kilitumbukizwa kwenye formalini, kikalala humo kwa saa kadhaa, kikakaushwa maji yake, kikazamishwa kwenye nta ya parafini hadi kikawa kitofali kidogo kinachoshikika. Mashine ikakikata vipande vyembamba vya mikroni nne hivi, vikabandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini, moja inayopaka viini vya seli zambarau na nyingine inayopaka sehemu zilizobaki waridi. Mtaalamu wa patholojia anayekaa mbele ya hadubini hamwoni mama. Hajui kama uvimbe ni wa ukubwa wa punje ya mahindi au wa embe. Hajui kama ini lina dalili yoyote. Anachokiona ni hizo nyuzi chache za nyama, na kutoka kwazo anatakiwa kutoa alama tatu.

Alama ya kwanza ni ya mpangilio. Titi la kawaida limejengwa kwa vimirija vinavyopitisha maziwa, na saratani iliyo tulivu bado inajaribu kujenga vimirija hivyo, hata kama vinatoka vimepinda. Zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe ikiwa na vimirija, alama ni 1. Ikiwa kati ya asilimia 10 na 75, alama ni 2. Chini ya asilimia 10, yaani seli zimeacha kabisa kazi ya ujenzi na zinajazana ovyo, alama ni 3. Alama ya pili ni ya viini: je, vinafanana na vya seli za titi zenye afya, au vimevimba, vimetofautiana kwa ukubwa, vingine mara mbili au tatu ya jirani zake? Hapa pia ni 1 hadi 3, na hapa jicho la mtu ndilo mizani. Alama ya tatu huhesabiwa. Mtaalamu anatafuta sehemu yenye pilikapilika nyingi, anapitia maeneo kumi ya kuonea kwa lenzi kali, akihesabu seli zilizonaswa zikiwa katikati ya kujigawa. Kwenye hadubini ambayo eneo lake la kuonea lina kipenyo cha nusu milimita, hesabu isiyozidi 7 ni alama 1, kuanzia 8 hadi 14 ni alama 2, 15 na kuendelea ni alama 3. Hadubini yenye eneo pana zaidi ina jedwali lake.

Mama wetu alipata 3 kwa mpangilio, 3 kwa viini, na kwenye hesabu ya seli zinazojigawa zilionekana 11, yaani alama 2. Jumla 8. Jumla ya 3 hadi 5 huitwa gredi 1, ya 6 au 7 ni gredi 2, ya 8 au 9 ni gredi 3. Gredi ya nne haipo. Mfumo huu ulijengwa na Bloom na Richardson wa Uingereza mwaka 1957, na mwaka 1991 Elston na Ellis wa Nottingham wakauwekea vipimo hivi vinavyotumika sasa, ndiyo maana kwenye karatasi nyingi jina la mji huo linaonekana pembeni ya gredi. Ukiliona, ujue unachosoma ni sura ya seli, wala siyo ramani ya mwili.

Namba hiyo ina udhaifu wake, na udhaifu mmoja unatuhusu sana. Seli zinazojigawa zinaonekana vizuri tu kama nyama iliwekwa kwenye formalini mapema, inavyopendekezwa ndani ya saa moja tangu itoke mwilini. Nyama ikikaa mezani ikisubiri mhudumu, au ikipelekwa maabara ya mji mwingine kwenye kopo lenye maji ya chumvi, inaanza kuharibika, na seli zilizokuwa zikijigawa hazitambuliki tena. Hesabu inashuka, na gredi nayo inashuka, si kwa sababu ugonjwa ni mpole bali kwa sababu ushahidi umeoza. Tena kinyama cha sindano ni sampuli ndogo. Uvimbe wote ukitolewa na kupimwa, kuna wanaohamishwa kutoka gredi 2 kwenda 3 kwa kuwa sindano ilipita pembeni ya sehemu yenye pilikapilika. Na wataalamu wawili wenye uzoefu wakipewa kioo kimoja wanaweza kutofautiana, hasa kwenye gredi ya katikati. Karatasi ikisema nyama haikuhifadhiwa vizuri, au sampuli ni ndogo, maneno hayo yana uzito sawa na namba yenyewe, ingawa sijaona familia inayoyasoma.

Hatua inatafutwa kwa njia nyingine kabisa: vidole vya daktari, rula, ultrasaundi, mamogramu, picha ya kifua, na pale inapowezekana CT skani na skani ya mifupa. Maswali ni matatu. Uvimbe wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Umeingia kwenye tezi za jirani? Umeruka kwenda kiungo cha mbali? Daktari Mfaransa Pierre Denoix, kati ya 1943 na 1952, ndiye aliyeyapa maswali haya herufi tatu zinazotumika dunia nzima: T kwa uvimbe, N kwa tezi, M kwa kusambaa mbali. Kwa titi, uvimbe usiozidi sentimita 2 ni T1, unaozidi 2 hadi 5 ni T2, unaozidi 5 ni T3, na uliofanya kidonda kwenye ngozi au kushika ukuta wa kifua ni T4 hata kama ni mdogo.

Uvimbe wa mama ulipimwa kwa ultrasaundi ukawa na sentimita 2.6. Kwapani hakuna tezi iliyoonekana kuwa na shaka. Kifua safi, ini safi. Kwa lugha ya Denoix hiyo ni T2N0M0, na jedwali linaipa hatua ya 2A. Mama wa gredi 3 yuko hatua ya 2A. Namba zote mbili ni za kweli, na hazigombani.

Sasa mweke pembeni yake mwanamke mwingine tuliyemtunga, wa miaka 63, aliyeishi na uvimbe miaka minne akiukanda kwa mafuta. Umefika sentimita 7, ngozi imepasuka, tezi mbili za kwapani zimevimba na bado zinasogea zikiguswa. Kinyama chake kinarudi: gredi 1. Vimirija vipo tele, viini vimetulia, seli zinazojigawa ni mbili tu katika maeneo kumi. Mtu akimwambia nyumbani kwamba ana namba moja, atashukuru na kuahirisha kliniki. Lakini kidonda cha ngozi kimeshampeleka T4, na T4 yenye tezi za aina hiyo bila kusambaa mbali ni hatua ya 3B. Ugonjwa mpole kwa tabia, uliofika mbali kwa kuachwa. Ni kama barabara ya kutoka Dar es Salaam: basi la mbio linaweza kuwa bado liko Kibaha wakati lori bovu la mizigo limeshaingia Dodoma, kwa sababu tu lori liliondoka jana.

Muda ndio unaosahaulika hapa. Gredi peke yake haisemi uvimbe ulianza lini. Hatua peke yake haisemi uvimbe ulifika hapo kwa miezi sita au kwa miaka sita. Daktari anayepanga tiba anataka vyote viwili mezani, pamoja na majibu ya vipokezi vya homoni na vya HER2, maana kila kimoja kinamwelekeza kwenye uamuzi wake. Hatua humwambia aanze na nini: upasuaji kwanza, au dawa kwanza ili uvimbe upungue, au, kama umeshafika kwenye ini na mifupa, dawa za kuudhibiti mwili mzima. Gredi humsaidia kuamua kama dawa za kemo zina faida ya kutosha kwa mgonjwa ambaye hatua yake ingemruhusu kuzikwepa. Kwa mwanamke mwenye uvimbe mdogo, tezi safi na vipokezi vya homoni, gredi 1 inaweza kumaanisha vidonge vya homoni vinatosha. Uvimbe wa ukubwa uleule ukiwa gredi 3, mazungumzo yanabadilika.

Mbona basi watu wengi, na wenye elimu zao, huchanganya? Sidhani kama ni uzembe wa kusoma. Mitego imetegwa na mfumo wenyewe. Namba zote mbili zinaanzia 1, zote zinapanda kuelekea ubaya, zote mara nyingi husomwa bila kutajwa ukomo wake. Tatu ya gredi ni tatu kati ya tatu. Tatu ya hatua ni tatu kati ya nne. Mgonjwa akiambiwa “ni tatu” na asiambiwe ya nini, anaishika ile anayoijua, na anayoijua ni steji, kwa sababu ndiyo inayotajwa redioni, misibani na kwenye michango ya matibabu. Gredi haijawahi kuchangiwa harambee. Kisha kuna mpangilio wa siku: namba ya gredi inakuja wakati moyo uko wazi zaidi, siku ile ile ya kuambiwa ni saratani, na neno lolote linaloambatana na habari hiyo linaganda. Hatua ikija baadaye inakuta kiti kimekaliwa.

Mtego mwingine ni dhana kwamba gredi hupanda ngazi kila mwezi, leo 1, kesho 2, mtu asipowahi inakuwa 3. Hivyo ndivyo hatua inavyokwenda kadiri uvimbe unavyoachwa ukue. Gredi kwa kawaida haiendi hivyo. Uvimbe wa titi ulio wa gredi 3 mara nyingi ulikuwa na tabia hiyo tangu ulipokuwa mdogo, kwa hiyo mtu hana haja ya kujilaumu kwa gredi yake. Yapo magonjwa machache, baadhi ya limfoma na uvimbe wa ubongo kwa mfano, yanayoweza kubadilika kutoka upole kwenda ukali, na madaktari huyafuatilia kwa jicho hilo, ila yasifanywe kanuni ya yote.

Na kwa haki, wataalamu wenyewe wameongeza ukungu. Toleo la 8 la mwongozo wa Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, AJCC, lililoanza kutumika Marekani mwaka 2018, lina namna mbili za kutaja hatua ya saratani ya titi. Moja ni ile ya zamani, ya uvimbe, tezi na kusambaa. Nyingine inachanganya hayo na gredi, vipokezi vya homoni na HER2, na inaweza kumpandisha au kumshusha mgonjwa kutoka hatua aliyokuwa nayo kwa kipimo cha ukubwa peke yake. Namna ya kwanza imeachwa kwa makusudi kwa sehemu ambazo vipimo vya vipokezi havipatikani. Kwa hiyo mama akipimwa nyumbani kisha ndugu zake wakamtafutia ushauri wa pili ng'ambo, anaweza kurudi na hatua tofauti bila ugonjwa kusogea hata nywele moja. Swali la kumuuliza daktari hapo ni moja tu: hatua hii imehesabiwa kwa ukubwa na kusambaa pekee, au gredi na vipokezi vimeingizwa ndani?

Kuna woga mmoja unaotokana na neno “kali”, linalotumika sana kuelezea gredi ya juu. Watu husikia ukali wakadhani ni kutotibika. Kumbe dawa nyingi za kemo huzipata seli wakati zinajigawa, na uvimbe wenye seli nyingi zinazojigawa huwa na shabaha nyingi. Kanda yetu ina mfano ulioingia kwenye vitabu vya tiba duniani. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Ugonjwa huo, unaobeba jina lake mpaka leo, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, uvimbe ukiweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kwa ukali hauna wa kuushinda. Lakini katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba dawa peke yake, bila kisu, inaweza kuuyeyusha, na hadi leo watoto wengi hupona wakipata tiba kamili kwa wakati. Haina maana kwamba gredi ya juu ni habari njema. Kwenye titi, gredi 3 ikilinganishwa na gredi 1 ya hatua ileile ina hatari kubwa zaidi ya kurudi, hasa miaka ya mwanzo. Ila kutoka hapo hadi “haitibiki” ni safari ambayo karatasi haikuifanya.

Nje ya titi, mizani hubadilika, na hapo ndipo aliyejifunza mambo ya titi hupotea upya. Kwa tezi dume, majibu hutolewa kwa alama za Gleason, jina la daktari Mmarekani aliyeanzisha mfumo huo miaka ya 1960. Mtaalamu anajumlisha mifumo miwili ya seli aliyoiona kwa wingi, na jumla hufika mpaka 10. Mzee akiambiwa ana 6 kati ya 10 anaona ameshapita nusu ya njia. Hajui kwamba katika kinyama cha sindano siku hizi haitolewi chini ya 6, kwa hiyo sita ndiyo sakafu, saratani tulivu kiasi kwamba baadhi ya wazee hufuatiliwa tu kwa vipimo bila kutibiwa. Ili kupunguza mkanganyiko huo wataalamu wakaleta makundi ya gredi kuanzia 1 hadi 5, ambapo 6 ya zamani ni kundi la 1. Nia ilikuwa njema, ila sasa yuko mzee mwenye kundi la 4 anayeaga watoto akidhani ni steji ya nne, wakati ugonjwa wake haujatoka nje ya tezi.

La mlango wa kizazi linaniuma zaidi, kwa sababu huko namba inaweza kutolewa kabla ya saratani kuwapo. Mwanamke akifanyiwa uchunguzi na kukatwa kinyama, karatasi inaweza kusema CIN 1, CIN 2 au CIN 3. Hayo ni mabadiliko ya awali ya utando wa mlango wa kizazi, yakipimwa kwa kina yalichokula katika utando huo. CIN 3 imeenea karibu unene wote wa utando lakini haijavunja ukuta kuingia ndani. Si saratani vamizi, haina steji, na kwa kawaida huondolewa kwa kukata sehemu hiyo kwa waya wa umeme au kuiunguza kwa joto au baridi kali, mara nyingi mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwanamke anayesoma “3” akakimbia hospitali kwa kuamini amechelewa, amekimbia matibabu mepesi kuliko yote katika makala haya, na akiacha miaka ipite, mabadiliko hayo yanaweza kuvamia kweli. Huko ndiko hesabu ya steji inakoanzia, ikianza na 1.

Turudi kwa mama wa vitenge, maana hatua yake haikuishia kwenye ultrasaundi. Alifanyiwa upasuaji. Titi likapelekwa maabara pamoja na tezi 12 kutoka kwapani, kila tezi ikakatwa na kuangaliwa. Uvimbe ulipopimwa kwa rula mezani ulikuwa sentimita 2.8, na tezi moja kati ya 12 ilikutwa na saratani ambayo ultrasaundi haikuiona. Karatasi mpya ikasema pT2N1, na hatua ikahama kutoka 2A kwenda 2B. Gredi ilibaki 3. Kijana akauliza kama ugonjwa umesambaa ndani ya hizo wiki za kusubiri. Huenda tezi ile ilikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni macho ya kuiona. Ndiyo kazi ya herufi ndogo zinazotangulia: c ni hatua iliyokadiriwa kwa mikono na picha kabla ya tiba, p ni iliyothibitishwa maabara baada ya upasuaji, na yp ni iliyopimwa kwa mgonjwa aliyeanza na dawa kabla ya kisu.

Miaka mitano baadaye, Mungu apishe mbali, ugonjwa ukirudi na kuonekana kwenye mfupa, ataambiwa umesambaa, na tiba itafuata hali hiyo. Lakini kwenye faili lake hatua ya mwanzo itabaki 2B, kwa sababu hatua hurekodi ugonjwa ulipokutwa mara ya kwanza, na matokeo ya wagonjwa hulinganishwa kuanzia hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia daktari akisema “alikuwa steji ya pili” kuhusu mgonjwa ambaye sasa ini lake limejaa, na akadhani daktari amekosea faili.

Kuna tofauti moja ya mwisho kati ya namba hizi ambayo mgonjwa anaweza kuifanyia kazi mwenyewe. Kile kitofali cha nta hakitupwi baada ya majibu. Maabara hukihifadhi, na kwa ombi la daktari kinaweza kutumwa hospitali nyingine, kikakatwa tena, kikatiwa rangi upya na kusomwa na jicho la pili. Gredi yenye shaka, au iliyoandikwa haraka, ina nafasi ya kurekebishwa hata mwaka mmoja baadaye, mradi namba ya maabara iliyo juu ya karatasi haijapotea. Hatua ya kabla ya tiba haina akiba ya namna hiyo. Dozi ya kwanza ya kemo ikishaingia, uvimbe unaweza kuanza kunywea na tezi kurudi chini, na kilichokuwa na sentimita 6 kitapimwa 3 bila mtu yeyote kujua kilianzia wapi. Kwa hiyo anayekwenda kuanza dawa aombe, kabla sindano haijawekwa mkononi, ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, hali ya tezi za kwapani na hali ya ngozi viandikwe kwenye faili pamoja na tarehe, na nakala yake akae nayo mwenyewe.